Pendekezo limekwama, nani alitoe?

Karibu maswali yote niliyopokea yanahusu Safe, pochi ya sarafu za kidijitali inayotaka saini za wamiliki kadhaa, kwenye mtandao wa Ethereum, kwa hiyo najibu kwa pochi hiyo.

"Tuko watatu, saini mbili zinatosha. Malipo ya USDC 2,000 yana anwani yenye makosa, yana saini moja, na malipo mawili ya nyuma yake hayaendi. Tufanyeje?" (Mombasa)

Kila pendekezo lina namba ya zamu, ile mnayoiona kwenye skrini kama `nonce`. Tuseme hilo bovu ni 14. Mkataba wa pochi unahesabu bila kuruka, kwa hiyo 15 na 16 zitasubiri hata zikiwa na saini zote. Dawa ni kutumia namba 14 kwa jambo jingine. Ukibonyeza `Reject`, Safe inakutengenezea muamala mtupu wa pochi kujitumia yenyewe:

```
to: anwani ya Safe yenyewe
value: 0
data: 0x
operation: 0
nonce: 14
```

Huu nao unataka saini mbili na ada ya gesi, jambo linalowaudhi wengi. Mimi kwenye namba hiyo hiyo ningeandika malipo yaleyale kwa anwani sahihi. Ada ni moja, na mnakuwa mmeshalipa. Ikishapita, 15 na 16 zinaendelea na saini zake zilezile, hamrudii.

Ila angalieni: mkishaandika la pili, mna mapendekezo mawili yenye namba 14, na litakalotekelezwa kwanza ndilo linaloua jingine. Mwambieni yule wa tatu asiguse lile la zamani. Saini yake moja tu inalikamilisha.

"Nimeshalifuta kwenye foleni, limekufa?" (Dodoma)

Hapana. Nimejibu hili mara tatu mwaka huu. Saini za Safe kwa kawaida hukusanywa nje ya mnyororo, na kufuta kunaliondoa kwenye orodha ya seva tu. Aliyenakili saini zilizotimia anaweza kuzipeleka mwenyewe kwenye `execTransaction`, na si lazima awe mmoja wenu. Zinakufa namba yake ikitumika. Kama hakuna aliyesaini, futa na ulale.

"Wote tumesaini tangu jana, mbona pesa haijatoka?" (Kampala)

Kusaini si kutekeleza. Lazima mmoja abonyeze `Execute` na alipe gesi. Kama alishabonyeza na bado haujaingia kwenye bloku, basi kilichokwama ni muamala wa pochi yake binafsi, ambayo ina `nonce` yake, tofauti na ya Safe. Autume upya kutoka pochi hiyo, namba ileile, na ada iliyopandishwa kwa asilimia 10 au zaidi, la sivyo nodi nyingi zitaukataa. Msiguse foleni ya Safe.

"Kila nikisaini inaleta kosa. Niendelee kujaribu mpaka ikubali?" (Nairobi)

Acha sasa hivi. Radiant Capital, jukwaa la mikopo ya sarafu za kidijitali, ilikuwa na wasaini 11, watatu wakitosha. Oktoba 2024 kompyuta za baadhi yao zilikuwa zimeingiliwa. Skrini iliwaonyesha muamala wa kawaida, huku vifaa vyao vya kusainia vikipokea muamala mwingine wa kuhamisha umiliki wa mikataba. Likatokea kosa, wakadhani ni hitilafu za kila siku, wakasaini tena. Mshambuliaji alikusanya saini tatu halali, na takriban dola milioni 50 zikaondoka.

Kwa hiyo ikigoma, usibonyeze tena. Soma hashi, ile alama ndefu ya utambulisho wa muamala, kwenye kifaa chako, piga simu kwa mwenzako akusomee ya kwake, mlinganishe herufi kwa herufi. Mtu mwenye kompyuta nyingine aikokotoe hashi hiyo upya kutokana na anwani ya Safe, namba ya mtandao, `to`, `value`, `data`, `operation`, `nonce` na sehemu nyingine za muamala. Ukiona `operation: 1` kwenye malipo ya kawaida, hapo kuna jambo, maana hiyo inaruhusu mkataba mwingine kuendesha pochi yenu kutoka ndani. Zikitofautiana, saini uliyokwisha kuitoa iko hai mikononi mwa mtu: tumieni namba hiyo haraka, kwa kompyuta safi.

Na hao wanaotuma "saini fasta jamani" kwenye kundi la WhatsApp, muwajibu kwa simu.

"Mmoja wetu amepoteza ufunguo. Tumeweka pendekezo la kumbadilisha, liko nyuma ya lililokwama." (Zanzibar)

Liondoeni huko nyuma. Andikeni `swapOwner` upya kwa namba ya lile lililokwama, na mtakuwa mmemaliza mawili kwa mpigo. Kisha kagueni yanayofuata: saini ya aliyetolewa haihesabiwi tena, hata aliyoitoa kabla, kwa hiyo litakalopungukiwa lisainiwe na aliyeingia.

"Sisi ni wawili, zinatakiwa saini mbili, mwenzangu kapoteza ufunguo na hana nakala." (Kigali)

Pole. Hakuna njia.