Macho wazi ila mwenyewe hayupo: ketamini sio valiamu kali

Mi ni muuguzi wa usingizi, wale mnaotuitaga watu wa nusukaputi, na kuna swali moja naulizwa mpaka na wenzangu wa zamu: si tukikosa ketamini, ile dawa ya nusukaputi, tunampiga tu valiamu alale, kuna tofauti gani? Aisee tofauti ipo, na mi niliijua kwa mzee mmoja aliyeteguka bega, miaka hiyo bado mgeni kazini. Hospitali siitaji.

Mzee alianguka na baiskeli, mfupa umetoka kwenye kikombe chake cha bega, maumivu makali, anapiga kelele hata ukimgusa shati. Ketamini ilikuwa imeisha. Tukampa pethidini, dawa ya maumivu, miligramu 50, tukafuatisha dayazepamu, ndo hiyo valiamu, miligramu 10 kwenye mshipa. Daktari akavuta mkono, mzee akaruka, "mnaniua jamani". Tukaongeza 5. Bado analalamika. Tukaongeza 5 nyingine maana foleni nje ni ndefu na kila mtu ana haraka, daktari akavuta tena na bega likaingia, lile klop mnalisikia kabisa, tukafurahi. Mmoja akaenda kutafuta kitambaa cha kufungia mkono, mwingine akainama kuandika faili. Mi nikabaki kichwani kwa mzee nikamuona anakoroma, nikajua amepumzika babu wa watu. Alafu kukoroma kukakata. Mashine ya kubana kidoleni inayopima oksijeni ikasoma 94, nikatizama tena 88, kifua hakipandi, midomo inabadilika rangi. Nikasukuma taya mbele, nikashika ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, tukampumulisha kwa mkono kama dakika kumi hivi ndo akaanza kuvuta mwenyewe. Alipona, akaenda nyumbani. Mi ndo sikulala.

Sasa sikia kilichotokea, maana ndo kiini cha yote. Bega likiwa nje, maumivu yenyewe ndo yalikuwa yanamwamsha na kumfanya apumue. Dawa zilikuwa zimejaa mwilini tayari ila maumivu yanazisukuma nyuma. Bega lilipoingia maumivu yakaondoka ghafla, dawa zikabaki peke yake hazina mpinzani. Kwahiyo dakika ya hatari kwa valiamu au ndugu yake midazolamu sio pale unapovuta, ni pale kazi ilipoisha na kila mtu kageuka. Toka siku hiyo mi siondoki kichwani kwa mgonjwa dakika zile hata kama jengo linaungua.

Familia hii ya dayazepamu na midazolamu inafanya kazi kama kitufe cha sauti kwenye redio. Ubongo una breki yake ya asili inaitwa GABA, hizi dawa zinaikanyaga zaidi breki hiyo. Kidogo, mtu wasiwasi unaisha. Ukiongeza, anasinzia. Ukiongeza tena haitikii, misuli ya koo inalegea ulimi unarudi nyuma, na ubongo wenyewe unapunguza amri ya kupumua. Hakuna mstari mwekundu unaosema hapa usingizi hapa hatari, ni mteremko mmoja tu, na ukichanganya na pethidini au mofini mteremko unakuwa wa matope. Alafu kitu watu wanasahau: hazitulizi maumivu. Zinafuta kumbukumbu. Nimeona mgonjwa analia wakati wa kusafishwa kidonda, baada ya nusu saa anauliza "mbona hamjaanza?" Wengine wanaona hapo kazi imefanyika vizuri. Mi sikubali, kusahau kwamba uliumia sio kutokuumia, mwili uliumia na presha ilipanda.

Ketamini haigusi kitufe cha sauti. Yenyewe inachomoa antena. Redio inawaka, taa iko, inanguruma, ila matangazo ya nje hayaingii. Inaziba milango ambayo kemikali inayoitwa glutameti hupitishia taarifa kwenye ubongo, hivo maumivu, kuguswa, sauti na picha vinafika mlangoni ila havipokelewi na mwenye nyumba. Huku chini kwenye shina la ubongo, wanapokaa wasimamizi wa kupumua, kazi inaendelea. Mgonjwa anavuta pumzi mwenyewe, koo halilegei kama kwa valiamu, akipata mate anameza au anakohoa, na presha na mapigo badala ya kushuka vinapanda. Ndo maana dawa hii imekaa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, na ndo maana vituo vingi visivyo na mashine kubwa ya usingizi vinaitegemea.

Ilitengenezwa 1962 na mkemia Calvin Stevens kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis kule Marekani, na 1964 daktari Edward Domino na wenzake wakaanza kuwapa watu. Wagonjwa wakawa wanatoa maelezo ya ajabu, mara wanaelea, mara hawana mikono, na inasemekana mke wa Domino ndo aliyependekeza waiite dawa ya kutenganisha, yaani mtu ametenganishwa na mwili wake. Huyo mama alipatia.

Ngoja nikupitishe kwa mtoto mmoja. Miaka 8, kilo 22, kadondoka mwembeni, mfupa wa mkono umepinda kama upinde. Anahitaji kunyooshwa na kufungwa plasta. Nikamuuliza mama yake kala saa ngapi, mafua je, homa je, maana mtoto mwenye mafua makali koo lake linakuwa na hasira. Kichupa cha ketamini chetu kina miligramu 50 kwa kila mililita moja, hiyo ni kali mno kuisukuma hivo kwa mtoto, nikavuta mililita 2 nikajazia maji ya chumvi mpaka 10, sasa kila mililita ina miligramu 10. Dozi niliyotaka ni miligramu 1.5 kwa kilo, mara 22 ni 33, yaani mililita 3.3. Oksijeni tayari, ambu na mashine ya kufyonza mate ziko mkono wa kulia, sio kabatini.

Nikasukuma taratibu, dakika nzima nahesabu kwa saa ya ukutani. Hapa msiharakishe jamani. Ukiipiga kwa mkupuo hata ketamini inaweza kumfanya mtu aache kupumua kwa muda, ile sifa yake ya kuacha pumzi iendelee inategemea umeitoa polepole.

Kama dakika moja baadaye macho yakaganda. Hayakufumba. Yamefunguka, yanatizama dari, yanacheza kidogo kushoto kulia, mkono mmoja ukanyanyuka wenyewe hewani. Mama akaruka, "nesi, mwanangu ameshakufa?" Kosa langu sikumwandaa. Sa hivi namwambia mzazi mapema: mama, macho yatabaki wazi, anaweza kujinyoosha au kutoa sauti, hiyo haina maana anasikia maumivu, wewe tizama kifua kinavopanda. Hata daktari mgeni nae anadanganyika, anaona mtoto kasogeza mguu anasema ongeza dawa. Hapana. Ketamini ina mlango, ukishauvuka umevuka, kuongeza hakumpeleki ndani zaidi ila kunarefusha muda tu. Uliza hivi: umevuta mkono, uso umekunjamana? Kautoa mkono kwako? Kama hapana, endelea na kazi. Una dakika 10 mpaka 20 hivi. Plasta ikichelewa ndo unaongeza nusu miligramu kwa kilo, kwake ni kama mililita 1.1.

Muda wote ule mashine ilisoma 98, 99. Ila msinielewe vibaya, kupumua kubaki sio kwamba hakuna baya. Baya lake ni lingine. Koo linaweza kujifunga lenyewe, ni nadra ila lipo, na huwezi kulitambua ukiwa unachati: unasikia mlio mwembamba kama filimbi, au unaona kifua na tumbo vinahangaika kinyume ila hewa haiingii. Kwa yule mzee wa valiamu kifua hakikuhangaika kabisa, kilinyamaza. Yaani dawa moja inaua kwa ukimya, nyingine inakuonya kwa vurugu. Koo likijifunga acha kumgusa, fyonza mate, sukuma taya mbele kwa nguvu, bana barakoa vizuri upumulishe kwa oksijeni, mara nyingi linafunguka, na kama halifunguki unahitaji dawa ya kulegeza misuli na mtu anayejua kuingiza mpira kooni. Pia kutapika kunakuja wakati wa kuamka, ndo maana simwachi chali bila mtu. Watoto wa chini ya miezi 3 siwapi, wala mtu mwenye ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia visivyokuwepo, wala mwenye moyo mbovu ambao hautastahimili presha kupanda. Na ketamini haina dawa ya kuipinga, unasubiri. Za familia ya valiamu zina flumazenili, ila niambie we umeiona lini kwenye kabati la wilaya.

Upande wa ndoto sasa, hasa kwa watu wazima. Mwalimu mmoja wa kike tulimpasua jipu, mle ndani ya chumba wahudumu wawili wakawa wanabishana kuhusu zamu na mtu akaangusha trei ya vyuma. Aliamka anapiga mayowe, anasema alikuwa ametupwa kwenye shimo na watu wanagombania mwili wake. Mwingine siku nyingine, chumba kimya, kabla ya dawa nilimwambia dada fikiria sehemu unayoipenda, akasema ufukweni kwao Pangani, akaamka anatabasamu eti alikuwa ameelea juu ya maji anaona paa za nyumba. Dawa ileile dozi ileile. Wanachobeba kuingia ndo wanachokikuta, kwahiyo naongea taratibu, nazima redio, na wakati wa kuamka simtikisi wala simpigi makofi eti "amka amka". Mtu mzima akiwa na hofu kubwa namwongezea midazolamu kidogo sana, na hapo najua nimeshaleta ule mteremko chumbani, naanza kuhesabu pumzi upya.

Yule mtoto wa mwembeni aliamka baada ya kama dakika 25, akatapika mara moja, akaangalia plasta yake kwa mshangao. Nikamuuliza umeota nini? Akasema alikuwa bado yuko juu ya mti, ila mti ulikuwa unatembea. Tukamweka mpaka akaweza kukaa mwenyewe, kuongea na kunywa maji bila kuyatapika, nikamwambia mama leo asikimbie wala asipande kitu, atakuwa anayumba kama mlevi mpaka jioni.