Ukuta wa zege usionekane kama karatasi iliyobandikwa

SWALI: Mimi huandika maelezo ya jengo kwa kijana anayetuchorea picha za kompyuta. Nikimwandikia "ukuta wa zege lenye alama za mbao, bila rangi", picha inarudi kama karatasi ya ukutani. Niandike nini? – Msomaji, Kilimani, Nairobi

JIBU: Maelezo yako yanataja sura ya ukuta lakini hayasemi ulivyojengwa. Zege hutoka kwenye shata, yaani kalibu ya mbao linamomwagwa, likiwa na alama ya kila kitu kilicholizuia: ubao, boliti, na mahali kazi iliposimama jioni. Kijana asipopewa vitu hivyo kwa vipimo, atachukua picha moja ya mbao na kuirudiarudia mpaka ukuta uishe, na jicho hukigundua haraka kifundo kilekile kikijitokeza mara tano.

Tuchukue ukuta wa sebule wenye urefu wa mita 6 na kimo cha mita 3. Mbao ni saipresi ya inchi 6 kwa 1, haijapigwa randa, imelazwa. Kila ubao una upana wa milimita 150 hivi, kwa hiyo kimo chote ni safu 20 kamili. Panga safu zigawanyike sawa namna hii, kwa sababu hakuna fundi atakayekubali kupasua ubao mwembamba wa kuziba pengo juu. Ubao wa futi 12 hufika mita 3.6, na ukuta ni mita 6, basi lazima kuwe na maungio. Safu moja ianze na kipande kirefu, inayofuata ianze na kifupi cha mita 2.4, na mara mojamoja ubao mzima ukae katikati ukiwa na vipande viwili vya mita 1.2 pembeni. Maungio yakipangana wima kama mstari wa rula, hizo si mbao tena, ni paneli.

Kisha mwandikie siku za kumwaga. Tuseme ukuta umemwagwa kwa awamu mbili za mita 1.5. Mpaka wake unaangukia kati ya safu ya 10 na ya 11, mahali ambapo msimamizi mzuri angeuficha, lakini rangi ya juu na ya chini haitalingana kabisa. Matundu ya boliti yaanze milimita 225 kutoka sakafuni, kisha kila milimita 600. Kila tundu litakaa katikati ya ubao, na safu ya tatu ya matundu, kwenye milimita 1425, itakuwa chini kidogo ya mpaka ule. Ndivyo inavyotakiwa: boliti hizo ndizo zinazobana shata ya awamu ya pili isivuje uji wa saruji.

Uji huo ndio watu wengi wanaousahau. Hupenya kati ya mbao na kuganda kama ukingo mwembamba wa milimita 2 au 3 uliojitokeza nje, umevunjika hapa na pale. Picha nyingi huchora kinyume: mfereji ulioingia ndani. Kwangu, hilo pekee linatosha kunionyesha kwamba mchoraji hajawahi kuona shata ikifunguliwa.

Rangi nayo ibadilike ubao kwa ubao. Ubao mpya mkavu hunywa maji ya zege na kuacha kijivu kilichokolea; uliokwisha kutumika hunywa kidogo, sehemu yake ikawa nyepesi. Vitundu vya hewa viwe vingi zaidi karibu na juu ya kila awamu. Kona usiiache kali kama kisu: mafundi huweka kipande cha mbao cha pembetatu kwenye shata ili kona itoke imekatwa milimita 20, la sivyo humeguka shata ikitolewa. Masega ya kokoto, yaani sehemu ambazo uji wa saruji haukujaza kati ya kokoto, usiyaombe, labda moja dogo miguuni mwa ukuta. Yakizidi, picha inasema jengo ni bovu.

Sakafu ya zege lililosuguliwa ina mambo mawili. Ikiwa na unene wa milimita 100, itaje mikato ya msumeno kila mita 3 hivi, ikifuata nguzo. Pia mashine kubwa haifiki ukutani, hivyo ukanda wa pembeni husuguliwa kwa mashine ya mkono na mng'ao wake hutofautiana kidogo. Dirisha lionekane sakafuni kama mwanga uliofifia, si kama kwenye kioo.

Zege la kokoto wazi ni fupi zaidi kulieleza. Balasti ya kawaida hapa Nairobi ni ya kijivu cheusi, yenye pembe kali, kwa kuwa ni mawe yaliyopondwa. Ukitaka kokoto za mviringo, sema ni za mto na zimeagizwa makusudi. Na kila jiwe lionekane theluthi yake tu. Likitokeza zaidi ya hapo hakuna kinacholishika.