Uyoga mweupe wa uani

"Wakuu, uyoga huu mweupe umeota uani baada ya mvua. Kwa picha hii, unalika?"

Mkuu, kwa picha sithubutu. Uyoga wa kichuguu unaoliwa na ule wenye vumbi la kijani, unaotapisha na kuharisha, kofia zake zaweza kufanana; ukiwa mchanga, wa pili ni mweupe hata chini ya kofia.

Mjuzi huuchimba mzima. Wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka kwa mchwa. Uyoga mwingine, wenye sumu inayoharibu ini, huwa na kikombe chini ya shina kilichojificha udongoni. Kisha hulaza kofia iliyokomaa juu ya karatasi usiku kucha, ameifunika kwa bilauri. Asubuhi karatasini kuna vumbi la kijani: tupa. Jeupe si ruhusa, maana wa ini hutoa hilohilo. La waridi huashiria wa kichuguu, ila bila ule mzizi mimi siuli.