Elfu kumi ya mwanzo wa mwezi na elfu kumi ya katikati: uniti zimekwenda wapi?

"Assalaam alaykum. Mwanzo wa mwezi nilinunua umeme wa elfu kumi, uniti zikaja kidogo. Wiki mbili mbele nikanunua elfu kumi nyengine, mita ileile, zikaja nyingi zaidi. Jirani anasema mita inakula, mwengine anasema wakala ndiye anayekata. Nitajuaje ukweli? Niko Chake."

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mimi niko Wete, huku huku Pemba, nasimamia nyumba ya familia yenye wapangaji watatu kwenye mita moja ya Tukuza, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, na kila mwezi hesabu hii inanipitia mkononi kwa sababu wenye vyumba wanataka kujua pesa yao imekwendaje. Nitakwambia ninavyoikagua.

Kwanza mita yako itoe kwenye lawama. Ile tokeni ya tarakimu 20 haibebi shilingi, inabeba uniti. Makato yote ya pesa yako hufanyika kwenye mfumo wa mauzo kabla tokeni haijatengenezwa: tozo, kodi, deni kama lipo, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa bei ya uniti. Mita inapopokea tokeni inajumlisha uniti zilizoandikwa tu. Haijui ulilipa kiasi gani wala haijui kodi ni nini. Kuthibitisha ni rahisi: soma salio la mita kabla hujatia, tia tokeni, soma tena papohapo. Kama ilikuwa 1.8 na risiti imeandika 26.3, mita ionyeshe 28.1. Ikionyesha hivyo, shauri la mita limekwisha, na unachotafuta kiko kwenye risiti.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu huku kwetu yapo maneno mengi. Wengine husema umeme unapungua njiani, kwenye ule waya wa chini ya bahari unaotoka Tanga, uliofika Pemba 2010. Kweli umeme hupotea kwenye nyaya, lakini upotevu huo unatokea kabla ya mita yako, na haugusi idadi ya uniti zilizomo kwenye tokeni.

Sasa risiti. Hukutubandikia ya kwako, kwa hiyo nachukua namba nyepesi za mfano ili hesabu ionekane. Bei na viwango halisi vya umeme wetu vinaidhinishwa na mdhibiti wetu, ZURA, na hubadilika, kwa hiyo wewe weka namba ulizoziona kwenye risiti yako. Tuseme uniti ni shilingi 250 kabla ya kodi, VAT ni asilimia 15, kuna tozo ndogo ya asilimia 2 juu ya thamani ya umeme, na kuna tozo ya huduma ya mwezi shilingi 2,000 ambayo nayo inatozwa VAT.

Anza na manunuzi ya pili, yale ya katikati ya mwezi, maana ndiyo yaliyo safi. Tozo ya mwezi ilishakatwa, kwa hiyo elfu kumi yote inakwenda kwenye umeme na makato yake. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anatoa asilimia 17 ya elfu kumi, anapata 1,700, anabaki na 8,300, anagawa kwa 250, anapata uniti 33.2. Risiti inasema 34.2, naye anaona hesabu haiingii, basi anakata tamaa ya kukagua. Kosa ni kwamba kodi haihesabiwi juu ya pesa uliyotoa. Inahesabiwa juu ya thamani ya umeme, halafu ndiyo inajumlishwa kufika elfu kumi. Kwa hiyo unagawanya, hutoi:

```
10,000 / 1.17 = 8,547   (umeme)
8,547 x 0.15  = 1,282   (VAT)
8,547 x 0.02  =   171   (tozo)
8,547 / 250   =  34.2   (uniti)
```

Jumlisha mistari mitatu ya juu, 8,547 na 1,282 na 171, unarudi kwenye elfu kumi kamili. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa risiti yoyote: mistari yote ya pesa ikijumlishwa lazima ifike kwenye kiasi kilicholipwa. Ikipungua, kuna mstari hujausoma, na mara nyingi ni deni.

Rudi sasa kwenye yale ya mwanzo wa mwezi. Tozo ya huduma 2,000 pamoja na VAT yake ni 2,300. Hiyo inatoka kwanza. Inabaki 7,700. Gawa kwa 1.17, unapata umeme wa shilingi 6,581. Gawa kwa 250, unapata uniti 26.3. Kwenye risiti utaona huduma 2,000, umeme 6,581, VAT 1,287, tozo 132. Angalia VAT hapo: ni kubwa kidogo kuliko ya risiti ya pili, ingawa umeme ni mdogo, kwa sababu ndani yake imo shilingi 300 ya tozo ya huduma. Mtu asiyelijua hilo anaweza kudhani ametozwa kodi mara mbili.

Tofauti ya risiti mbili ni uniti 7.9. Na hapa pana njia ya mkato ninayoitumia kila mara, hata risiti ikiwa fupi, ile ya meseji ya simu isiyo na mchanganuo. Chukua manunuzi ya pili, gawa pesa kwa uniti: 10,000 kwa 34.2 ni kama shilingi 292. Hiyo ndiyo bei yako ya kweli ya uniti moja, kodi ikiwa ndani. Izidishe kwa uniti zilizopungua mwanzo wa mwezi: 292 mara 7.9 inakuja 2,307. Iko karibu kabisa na 2,300. Shilingi saba zinazozidi zinatokana na kukadiria tu, maana kipimo kidogo kabisa kinachobebwa na tokeni ni sehemu moja ya kumi ya uniti, na bei nayo tumeikata. Kwako ukikuta pengo linalingana na tozo ya mwezi na kodi yake, jawabu umelipata. Ukikuta pengo ni kubwa zaidi kwa elfu nzima au mbili, endelea kutafuta.

Pa kutafuta kwanza ni miezi iliyoruka. Tozo ya mwezi haifutiki kwa sababu hukununua. Mfumo unaikusanya na kuikata yote siku utakaponunua. Jamaa yangu ana nyumba Micheweni, mwenyewe anakaa Unguja. Alikuja sikukuu baada ya nyumba kufungwa kwa miezi, akanunua umeme kidogo wa siku zake chache, na uniti alizopata hazikumfikisha hata asubuhi na friji. Alikuwa na hasira kwelikweli. Kwa namba zetu za mfano, miezi mitatu iliyopita pamoja na huu ni mara nne 2,300, yaani 9,200. Kwenye elfu kumi inabaki 800, nayo ni uniti 2.7. Kwa hiyo mwenye nyumba inayofungwa, manunuzi ya kwanza akirudi ayapange makubwa, la sivyo atadhani ameibiwa.

Pa pili ni deni. Kama mita ilirithiwa kutoka kwa mtu mwengine, au kuna gharama ya kuungiwa inayolipwa kidogokidogo, mstari wake utaonekana kila ununuapo, si mwanzo wa mwezi tu. Hiyo ndiyo alama yake: risiti ya pili nayo inakuwa nyembamba.

Pa tatu ni wakala, na hapa huna haja ya kumtuhumu mtu. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye risiti. Ukimpa elfu kumi na risiti ikasema 9,500, mia tano ni ujira wake, haikufika kwenye umeme. Ikisema 10,000, wakala hahusiki na uniti zako, kwa sababu yeye hana mahali pa kuzipunguzia. Ukinunua mwenyewe kwa simu, makato ya mtandao hutoka kwenye salio la simu, kwa hiyo linganisha kiasi cha risiti, si kile kilichotoka kwenye simu.

Na kama kwako ingekuwa kinyume, yaani manunuzi ya mwisho wa mwezi ndiyo yanayoleta uniti chache, ningekwambia tazama daraja la matumizi. Penye bei za ngazi, ukishavuka idadi fulani ya uniti ndani ya mwezi, zinazofuata zinauzwa bei ya juu. Tozo ya mwezi huumiza mwanzo, ngazi huumiza mwisho. Ukilijua hilo, tarehe pekee inakuonyesha pa kuanzia.

Usijipime kwa risiti ya ndugu aliye Bara. Kule tozo ya huduma kwa wateja wa majumbani iliondolewa Aprili 2016, kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, juu yake kuna asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa huko, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wao wa kulipia kabla. Sisi tuna shirika letu, mdhibiti wetu na sheria yetu ya VAT. Risiti hizo mbili haziwezi kufanana hata kama mmenunua dakika moja.

Jambo moja la wenye mita ya pamoja, kwa sababu nimeona watu wakinuniana kwa ajili yake. Nyumbani kwetu mpangaji wa chumba cha mbele ndiye aliyekuwa akinunua wa kwanza kila mwezi, kwa sababu mshahara wake hutoka mapema. Bila mtu kukusudia, yeye ndiye aliyebeba tozo ya mwezi ya nyumba nzima, na wenzake wakimwona pesa yake haileti umeme. Sasa tunaitoa tozo pamoja na kodi yake kwanza, tunaigawa kwa vyumba vitatu, kisha kila mmoja anahesabiwa uniti alizoleta kwa ile bei ya manunuzi safi. Daftari liko ukutani kwenye korido, kila risiti inabandikwa.

Ukishapiga hesabu na pengo likabaki halina maelezo, nenda ofisi ya shirika letu la umeme, ZECO, hapo Chake na risiti zote mbili pamoja na namba ya mita, uombe mchanganuo wa kila manunuzi ya mwezi huo na salio la deni la mita. Kwa maneno "uniti zimepungua" utapewa maelezo ya jumla. Kwa "risiti hii mistari haifiki 10,000, imepungua 1,150" wataitafuta hiyo 1,150. Au zibandike hapa tuzipitie, ila zifunike jina na namba ya mita kabla hujapiga picha.