Nilitaka milioni 160, daftari la kodi likasema 90

Nyumba yangu ya wapangaji iko Ipagala, hapa Dodoma: sehemu nne za chumba, sebule na jiko, na fremu mbili mbele. Nilipoamua kuiuza nilitangaza milioni 160, kwa sababu jirani alisema "siku hizi Dodoma ni mji wa serikali, usiuze kwa hasara", na mimi mwenyewe nilikuwa nimejumlisha saruji, nondo na mabati. Miezi minane ikapita. Dalali alileta watu, wakatazama dari, wakauliza kodi ni shilingi ngapi, wakaondoka.

Swali la kodi ndilo nililopaswa kulisikiliza. Mtu anayenunua nyumba ya kupangisha anataka kujua kila mwaka itamwachia kiasi gani mkononi, kisha anapima kiasi hicho na pesa anayoitoa. Binti mmoja mthamini, mtoto wa rafiki yangu, alinikalisha na daftari langu la kodi tukaanza upya.

Sehemu nne kwa laki mbili kila moja, fremu mbili kwa laki moja moja: milioni 1 kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Hapo ndipo nilipokuwa naishia. Akaniuliza, "Mzee, mwaka jana ulipokea milioni 12 kweli?" Nikafungua daftari. Fremu moja ilikaa tupu miezi minne. Sehemu mbili zilikaa wazi miezi mitatu kila moja mwanafunzi na mfanyakazi mmoja walipohama, na hapo sijahesabu siku za kupaka rangi. Jumla nilipoteza milioni 1.6. Tulipoangalia na miaka miwili ya nyuma, wastani ukawa kama milioni 1 kwa mwaka, nasi tukakata hiyo. Zikabaki 11.

Kisha gharama za mwenye nyumba. Matengenezo 1,200,000, maana simtank langu linavuja kila kiangazi na vitasa haviishi kuharibika. Usafi na mlinzi wa usiku 600,000. Maji ya nje na taa za uani 360,000. Kodi ya ardhi, kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU na vidogo vingine 140,000. Na usimamizi 600,000. Hapo nilibisha: nasimamia mwenyewe, silipwi! Akanijibu kwamba mnunuzi anayeishi Mwanza atamlipa mtu, kwa hiyo gharama ipo hata kama mimi naibeba bure. Jumla 2,900,000. Kodi halisi: 8,100,000 kwa mwaka.

Marejesho ya mkopo wangu wa benki hayamo, na hayapaswi kuwamo. Hayo ni deni langu, nyumba haihusiki.

Sasa asilimia, yaani kodi halisi ya mwaka ni sehemu gani ya bei; ukigawanya kodi halisi kwa asilimia hiyo unapata bei ya nyumba, na hapa ndipo watu hubuni. Haitoki kichwani; inatoka kwenye nyumba zilizouzwa kweli karibu nawe, siyo zinazotangazwa. Tulizipata tatu. Moja iliuzwa milioni 60 na kodi yake halisi ni milioni 5.1: gawanya, unapata asilimia 8.5. Ya pili milioni 110, kodi halisi milioni 9.9, asilimia 9. Ya tatu iliuzwa milioni 130 huku ikiingiza milioni 5.2 tu, asilimia 4. Hiyo ya tatu tuliiacha. Iko kwenye kona ya lami, na mnunuzi aliibomoa, alinunua kiwanja. Ukiona asilimia imeshuka hivyo, ujue bei inabebwa na ardhi, na hesabu hii haikufai. Tafuta bei za viwanja.

Yangu ina bati la zamani, tukachukua asilimia 9:

```
8,100,000 ÷ 0.09  = 90,000,000
8,100,000 ÷ 0.085 = 95,294,118
```

Nusu ya asilimia tu imeisogeza bei kwa zaidi ya milioni 5, ndiyo maana usikubali mtu akutajie "asilimia kumi" bila kukuonyesha nyumba gani. Tena uliza asilimia hiyo imetoka kwenye kodi yote au kodi halisi. Ya kodi yote huwa kubwa, na ukiigawia kodi halisi unajipunja mwenyewe. Milioni zangu 160 zilikuwa sawa na asilimia 5, na hakuna mpangaji aliyekuwa akinilipa hizo.

Nilitangaza milioni 96, tukamalizana kwa 91 baada ya wiki sita. Siku ya kusaini mnunuzi aliuliza kodi za mbele. Wapangaji wawili walikuwa wamelipa miezi sita na ilibaki minne kila mmoja. 1,600,000 ikatoka kwenye malipo yangu palepale, kwa kuwa miezi hiyo ilikuwa ya mwenye nyumba mpya, na pesa mimi nilishazinunulia bati za shambani Bahi.