VPN na bei ya tiketi ya ndege: kinachobadilika kweli na kinachoonekana tu

Swali: Niko Dar es Salaam na ninatafuta tiketi ya kwenda Istanbul na kurudi. Bila VPN, tovuti ya wakala ilinionyesha shilingi 1,755,000. Nilipowasha VPN ya India nikaona rupia 58,000, ambazo nikizigeuza ni pungufu kwa zaidi ya shilingi 70,000. Nikarudia baada ya saa moja bila VPN, bei ikawa imepanda. Je, unafuu wa India ni wa kweli, tovuti inapandisha bei kwa sababu imenitambua, na je, njia hii inafaa kwa hoteli?

Jibu: Unafuu ulioona yaelekea umetokana na ubadilishaji wa fedha, na ukilipa kwa kadi ya kawaida ya benki unaweza kuwa umekwisha kabla tiketi haijatolewa. Ili kuelewa sababu, tuanze na mahali nauli ya ndege inapotoka.

Mashirika mengi ya ndege huandikisha nauli zao katika hifadhi ya pamoja inayoendeshwa na kampuni iitwayo ATPCO, na mifumo ya mawakala duniani husoma humo. Kila nauli huandikwa kwa jozi ya miji na kwa mwelekeo wa safari, ikiwa na msimbo wake, sarafu yake na masharti yake. Safari inayoanzia Dar es Salaam kwenda Istanbul na kurudi ina nauli zake, na inayoanzia Istanbul kuja Dar es Salaam na kurudi ina nauli nyingine, ambazo zinaweza kutofautiana sana na za kwanza hata kama ndege na viti ni vilevile. Kinachoamua kwa sehemu kubwa ni uwanja unaoanzia safari, na uwanja huo hauhamishwi na VPN. Ndiyo maana tovuti nyingi za mashirika yenyewe hukupeleka kwenye bei za nchi unakoanzia safari mara tu unapoandika jina la uwanja, hata kama anwani yako ya IP inasema uko Mumbai.

Nauli za kimataifa zinazoanzia Afrika Mashariki kwa kawaida huandikwa kwa dola za Marekani, kisha mfumo huzigeuza kuwa sarafu ya soko ambalo tovuti inadhani unanunulia. Kwa hiyo shilingi na rupia ulizoziona zinaweza kuwa dola zilezile zilizogeuzwa kwa viwango viwili, pamoja na ada ya huduma ambayo wakala hupanga kwa kila soko kivyake.

Tuzipige hesabu namba zako. Tuchukue, kwa mfano, kwamba kiwango cha kati kinachoonekana mtandaoni ni shilingi 29 kwa rupia moja. Rupia 58,000 zinakuwa shilingi 1,682,000, yaani pungufu kwa 73,000. Lakini benki yako haitakugeuzia kwa kiwango cha kati. Ikitumia shilingi 29.60, ambacho ni kiwango cha kawaida tu kwa kadi, malipo yanakuwa shilingi 1,716,800. Ikiongeza ada ya muamala wa nje ya asilimia 2.5, zinaingia shilingi 42,920 nyingine, na jumla inakuwa 1,759,720. Tiketi ya India imekuwa ghali kuliko ya nyumbani kwa shilingi 4,720. Uliza benki yako viwango vyake halisi na uweke namba zake mahali pa hizi za mfano. Bila hatua hiyo, kulinganisha bei za sarafu mbili hakuna maana. Jihadhari pia na ukurasa wa malipo unaojitolea kukugeuzia papo hapo kutoka rupia kwenda shilingi, kwa sababu kiwango chake mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki.

Ipo njia ya kujua kama tofauti ni ya nauli au ya fedha, na haihitaji VPN hata kidogo. Fungua `matrix.itasoftware.com`, chombo cha kutafuta nauli ambacho sasa kimo mikononi mwa Google na ambacho hakiuzi tiketi. Andika DAR na IST, weka tarehe zako, kisha tafuta sehemu iitwayo `Sales city`. Ukiiacha tupu, huchukua mji unaoanzia safari. Chagua sarafu iwe dola, tafuta mara ya kwanza ukiwa umeiacha tupu, kisha tafuta tena ukiwa umeweka DEL, yaani Delhi. Fungua maelezo ya safari ileile katika matokeo yote mawili na usome msimbo wa nauli. Misimbo ikiwa sawa na dola zikiwa sawa, umeshapata jibu: nauli ni moja, na kilichobadilika kwenye tovuti ya wakala ni sarafu na ada. Katika Google Flights unaweza kufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa kubadilisha nchi na sarafu kwenye anwani ya ukurasa:

```
https://www.google.com/travel/flights?gl=IN&curr=USD
https://www.google.com/travel/flights?gl=TZ&curr=USD
```

Ninasisitiza kubakiza sarafu moja pande zote mbili. Watu wengi hubadilisha nchi na sarafu kwa pamoja, kisha hawawezi kujua ni kipi kati ya viwili hivyo kilicholeta tofauti.

Hata hivyo, si kila kinachosemwa ni uzushi. Masharti ya nauli yana kifungu kinachoweza kusema kwamba nauli fulani iuzwe katika nchi fulani tu, na shirika linaweza pia kufungua au kufunga viti vya bei nafuu kulingana na nchi inakouzwa tiketi. Mfano mkubwa ninaoujua ni wa Nigeria kati ya 2022 na 2023. Mashirika ya kigeni yalishindwa kuhamisha mapato yao ya naira kwenda nje. Mwaka 2023 chama cha mashirika ya ndege, IATA, kilitaja zaidi ya dola milioni 800 zilizokwama nchini humo. Mashirika yakafunga madaraja ya bei nafuu kwa tiketi zilizouzwa ndani ya Nigeria, na safari ileile iliyoanzia Lagos ikawa nafuu sana iliponunuliwa kwa wakala wa nje. Hata hapo, kuwasha VPN peke yake hakukutosha. Mahali pa kuuza hutambuliwa kwa wakala anayetoa tiketi na kwa kadi inayolipa, na benki nyingi za Nigeria zilikuwa zimezuia kadi za naira kulipia nje. Waliofaidika ni wale waliokuwa na ndugu au wakala wa nje mwenye kadi ya nje. Kama huna njia ya kulipa ya nchi hiyo, tovuti inaweza kukurudisha kwenye bei ya soko lako pale utakapoandika namba ya kadi, kwa sababu tarakimu zake za mwanzo hutaja benki na nchi iliyoitoa.

Kuhusu kutambuliwa, imani kwamba vidakuzi vya kivinjari, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kifaa chako, hupandisha bei unapotafuta mara nyingi imeenea sana, nami naelewa kwa nini, kwa maana kupanda kunaonekana kwa macho. Lakini maelezo yake ni mengine. Viti vya daraja la kawaida hugawanywa katika mafungu yenye herufi, kila fungu na bei yake, na viti vya fungu la chini vikiisha mfumo huhamia la juu. Tena wakala huonyesha bei zilizohifadhiwa saa kadhaa zilizopita ili asilisumbue shirika kwa kila utafutaji; unapobofya, bei huulizwa upya na namba hubadilika mbele yako. Unaweza kuliona jambo la mafungu waziwazi: tafuta tiketi ya mtu 1, kisha tafuta ya watu 4 kwa ndege hiyohiyo. Kama fungu la chini limebakiwa na viti 2, mara nyingi wote 4 watatozwa bei ya fungu la juu. Familia yenye watu 4 hapo huokoa fedha kwa kununua tiketi 2 na nyingine 2, jambo ambalo hakuna seva ya VPN inayoweza kulifanya.

Kosa katika jaribio lako ni ile saa moja iliyopita katikati. Jaribio linalofaa hufanywa ndani ya dakika chache kwa mpangilio huu: bila VPN, kisha na VPN, kisha bila VPN tena, ukiwa umetoka kwenye akaunti yako na kuinyima tovuti ruhusa ya kusoma mahali ulipo. Bei ya kwanza na ya tatu zikitofautiana, kilichobadilika ni wakati, na ile ya katikati haithibitishi chochote. Na kwa kuwa uko Tanzania, kumbuka kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Hilo lishughulikie kabla ya mengine.

Kwenye hoteli mambo ni tofauti, na hapa VPN ina kazi ya kweli zaidi. Chumba hakina nauli iliyoandikishwa kimataifa. Mwenye hoteli huweka bei zake kwenye mfumo wa wakala, na Booking.com, kwa mfano, humruhusu kutoa punguzo kwa wateja wa nchi anazozichagua na punguzo jingine kwa wanaotumia simu. Punguzo la nchi hutegemea mahali unapoonekana uko, kwa hiyo seva ya VPN iliyo katika nchi hiyo inaweza kulifungua. Lakini kabla ya kuliamini, hakikisha chumba ni kilekile, kifungua kinywa ni kilekile, masharti ya kughairi ni yaleyale, na kodi zimehesabiwa pande zote mbili, kwa sababu baadhi ya masoko huonyesha bei kabla ya kodi na mengine baada yake. Punguzo la simu na la mwanachama jaribu kwanza, maana hayahitaji VPN.

Bei ya mkazi ni jambo jingine kabisa. Hoteli nyingi za Zanzibar na za mbugani hutoza wakazi wa Afrika Mashariki kiasi kidogo zaidi, na mgeni wa Ulaya anayeipata bei hiyo kwa seva ya Nairobi ataombwa kitambulisho au kibali cha ukaazi mapokezini, kisha atalipa tofauti.

Kwa Istanbul yenyewe kuna jambo unalopaswa kulijua kabla ya kuondoka. Tangu amri ya mahakama ya Uturuki ya mwaka 2017, mtu aliye ndani ya Uturuki hawezi kuweka nafasi ya hoteli za nchini humo kupitia Booking.com. Ukiwa Dar es Salaam utaziona zote, lakini ukifika na kutaka kuongeza usiku mmoja kwa mtandao wa huko, hazitapatikana. Kwa hiyo weka nafasi ya siku zote ungali nyumbani, kwa bei inayoruhusu kughairi bila ada, au uchukue namba ya simu ya hoteli ili uongeze siku kwa kuongea nao moja kwa moja.