Maswali ya wafugaji: mafuta ya maziwa na malipo yako

Ami, mwezi uliopita maziwa yangu yalipimwa mafuta 4.1, mwezi huu 3.3. Ng'ombe ni wale wale na majani ni yale yale. Mashine yao si mbovu? (Mfugaji, Wete)

Mwanangu, usianze na mashine. Anza na sampuli, kwa sababu ugomvi mwingi ninaoletewa umezaliwa kwenye keni. Maziwa yaliyokamwa alfajiri na kusubiri gari hupanda malai juu. Anayechota juu bila kukoroga huchukua malai, anayechota chini huchukua maziwa mepesi, na mashine itasoma kwa uaminifu kile ilichopewa. Kwa hiyo huenda hiyo 4.1 uliyoifurahia ndiyo iliyokuwa ya uongo. Maziwa yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine, au yakorogwe mpaka chini, ndipo yachotwe. Sampuli iliyokaa nayo hugandisha malai kwenye kizibo. Ipashwe moto mpaka nyuzi 40, igeuzwe taratibu mpaka malai yayeyuke, kisha ipozwe mpaka nyuzi 20 kabla ya kupimwa.

Mtazame na ndama. Maziwa ya kwanza kutoka kwenye kiwele yana mafuta machache sana, ya mwisho ndiyo mazito. Ukimwachia ndama amalizie, umempa yeye mafuta na kituo umekipelekea maji ya juu juu. Hilo peke yake laweza kukushusha hivyo.

Sasa hesabu. Tuseme kituo kinalipa shilingi 1,200 kwa lita yenye mafuta 3.5, na kila 0.1 huongeza au hupunguza shilingi 10. Kwa 4.1 unapata 1,260, kwa 3.3 unapata 1,180. Ukipeleka lita 20 kwa siku, mwezi ni lita 600, na tofauti ni shilingi 48,000. Fedha zote hizo zimeamuliwa na kichupa kimoja cha siku moja! Mimi naona hiyo si haki. Dai sampuli zichukuliwe siku kadhaa za mwezi na malipo yafuate wastani wake.

Maziwa ya asubuhi na ya jioni, yapi yana mafuta zaidi? (Mwera)

Kwa kawaida ya jioni, kwa kuwa muda tangu mkamo uliopita ni mfupi. Basi usilinganishe asubuhi ya mwezi huu na jioni ya mwezi jana.

Nitajuaje kama mpimaji amepima sawasawa? Mimi si mtu wa maabara. (Konde)

Simama karibu utazame, una haki hiyo. Kwa kipimo cha Gerber, tindikali ya salfuriki ml 10 hutangulia kwenye kichupa, kisha maziwa ml 10.75 yateremshwe polepole ukutani yasichanganyike mapema, halafu alkoholi ya amili ml 1. Kichupa kizibwe, kishikwe kwa kitambaa kwa kuwa huwa cha moto sana, kitikiswe mpaka chembe za maziwa ziyeyuke zote. Mashine huzungusha mizunguko kama 1,100 kwa dakika, kwa dakika 5, kisha kichupa hukaa kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 5. Hapo ndipo husomwa, tena upesi. Kikisomwa kimepoa, mafuta yamesinyaa na wewe unalipwa pungufu.

Tazama safu ya mafuta yenyewe. Iwe ya manjano, angavu, na mpaka wake ukatike safi. Ukiona chembe nyeusi, tindikali ilikuwa kali mno au maziwa yalikuwa ya moto. Ukiona utando mweupe chini ya mafuta, tindikali imedhoofika au kichupa hakikutikiswa vya kutosha. Hewa yetu ya visiwani ina unyevu mwingi, na tindikali huuvuta. Chupa inayoachwa wazi mezani hudhoofika bila mtu kujua. Kipimo cha namna hiyo kirudiwe, kisiandikwe daftarini. Na vichupa viwili vya maziwa yale yale vikipishana zaidi ya 0.1, usikubali hata kimoja. Watoto wasisogee hapo kabisa, tindikali hiyo inapofusha.

Nikitia maji kidogo tu, kipimo cha mafuta kitanikamata? (hakutaja anakotoka)

Swali hili linarudi kila mara, na wanaouliza hawasomi majibu. Lita 18 za mafuta 4.0 ukizitia lita 2 za maji zinasoma 3.6, na kipimo cha mafuta hakijui kama ni maji au ng'ombe. Laktomita ndiyo inayojua: maziwa safi husoma kama 28 hadi 32, maji huishusha. Wapo wanaojiona werevu, wakaondoa malai ili laktomita ipande, kisha wakatia maji irudi pale pale. Hao ndio hukamatwa na kichupa cha Gerber, maana laktomita inasema sawa na mafuta yanasema 2. Keni nzima hurudishwa, na mzigo wa jirani yako uliochanganywa humo huharibika pamoja na wako.